Moyo kwenda mbio ukiwa umeketi: Ni wasiwasi, kahawa au hitilafu ya umeme wa moyo?

Mtu akipanda ngazi hadi orofa ya nne na moyo ukamwenda mbio, hashangai. Kinachomtisha ni pale ambapo ameketi kitini akitazama runinga, au amelala kitandani, halafu anausikia moyo ukidunda kifuani kana kwamba unataka kutoka nje. Wengi hukimbilia kusema ni presha. Wengine huambiwa na jamaa, na hata na wahudumu wa afya, kwamba ni mawazo tu, waende nyumbani wakapumzike.

Mara nyingi anayesema ni mawazo huwa hakukosea. Lakini wako wagonjwa ambao moyo wao una hitilafu ya kweli, na hao huzunguka kutoka kliniki moja hadi nyingine kwa miaka bila kutambuliwa. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba makundi haya mawili yaweza kutenganishwa kwa sehemu kubwa hata kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Kinachohitajika ni mgonjwa kueleza vizuri jinsi mbio hizo zilivyoanza na zilivyoisha, na kujua namna ya kuhesabu mapigo yake mwenyewe.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Anayeamua mwendo huo ni kituo kidogo sana kilicho juu ya moyo, upande wa kulia. Kituo hicho hutoa umeme kidogo ambao husambaa katika vyumba viwili vya juu, husita kidogo katika kituo cha pili kilicho katikati ya moyo, kisha hushuka katika vyumba viwili vya chini ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mapafuni na mwilini. Kila pigo unalolisikia kwenye mkono limepitia njia hiyo.

Kituo cha juu ni mtumishi mtiifu. Mwili ukihitaji damu zaidi, huongeza mwendo, na haja ikiisha, hupunguza. Mtu anapoogopa au anapowaza karo ya shule na kodi ya nyumba, mwili humwaga homoni ya adrenalini kana kwamba kuna simba mlangoni, na kituo hicho hutii. Moyo wenyewe hauna kasoro yoyote. Umepewa amri tu na ukaitekeleza.

Kafeini nayo huweza kufanya kazi kama hiyo. Kikombe cha kahawa huwa na miligramu 80 hadi 100 hivi za kafeini, na cha chai karibu nusu yake. Mkebe mdogo wa vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wetu hunywa kama maji, huwa na kiasi kinachokaribia kikombe cha kahawa, nao hawatosheki na mmoja. Mwili huchukua saa tano hivi kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Kwa hivyo aliyekunywa vikombe viwili vya kahawa saa kumi na moja jioni, ifikapo saa nne usiku bado ana kafeini ya kikombe kizima damuni, kisha anashangaa mbona amelala macho wazi akisikiliza moyo wake.

Hapa kwetu siwezi kuacha kutaja miraa na muguka. Majani hayo yana katinoni, kemikali iliyo jamii moja na amfetamini, na aliyetafuna kuanzia mchana hadi usiku huwa na mapigo ya haraka na presha iliyopanda. Dawa nyingine za mafua na za kuzibua pua, pamoja na zile za pumu, nazo huharakisha moyo. Mgonjwa akinijia na malalamiko haya humwomba aweke mezani kila anachomeza, kutafuna na kuvuta.

Hata hivyo, kahawa hulaumiwa kupita kiasi. Uchunguzi mkubwa wa watu wengi nchini Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2021 haukuona kwamba wanywaji wa kawaida wa kahawa walipatwa na hitilafu za mapigo kuliko wasiokunywa. Ikiwa umeacha kahawa na chai kwa wiki mbili na moyo bado unakurukia vilevile, basi tatizo halikuwa kikombe.

Jinsi mbio zinavyoanza na kuisha

Mbio za wasiwasi na za kafeini hupanda polepole na kushuka polepole. Ukimwuliza mgonjwa zilianza saa ngapi, hawezi kukutajia dakika. Aghalabu mapigo huwa kati ya 100 na 130, yamefuatana sawasawa, na huongezeka au hupungua kadiri mtu anavyotembea, anavyoketi au anavyovuta pumzi ndefu.

Hitilafu ya umeme wa moyo mara nyingi haina adabu hiyo. Yaweza kumkuta mtu akifunga kamba ya kiatu au akiokota kitu sakafuni, na kufumba na kufumbua moyo umetoka 75 ukafika 180. Inapoisha, huisha ghafla vilevile.

Kuhesabu mapigo si kazi ngumu. Weka vidole viwili au vitatu vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mkono wa pili, chini ya kidole gumba, na ubonyeze kidogo hadi uhisi mshipa ukigonga. Usitumie kidole gumba kupimia, maana kina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 30 kisha uzidishe kwa mbili. Ikiwa mapigo hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Walio na mashine ya kupimia presha nyumbani wanaweza kusoma tarakimu ya mapigo hapo, ingawa mashine hizo hukosea moyo unapokwenda kasi sana au usipopiga kwa mpangilio.

Nieleze kisa cha mama mmoja wa miaka 34, muuzaji wa nguo za mitumba, kwa sababu kinaonyesha mambo haya kwa uwazi kuliko maelezo matupu. Kwa miaka mitatu moyo ulikuwa ukimwenda mbio mara moja kila mwezi mmoja au miwili. Kliniki ya kwanza ilimwambia ni mawazo ya biashara. Ya pili ilimpa tembe za usingizi. Alikuwa amefanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho hospitalini huitwa ECG, mara mbili, na mara zote mbili majibu yalikuwa mazuri. Alikuwa ameacha chai kabisa, jambo ambalo kwa Mkenya si dogo.

Nilimwuliza, "Mama, inapoanza huwa inaanzaje?"

"Daktari, ni kama mtu amewasha swichi. Niko sawa, halafu siko sawa."

"Na kuisha?"

"Vilevile. Naona tu imeniachilia. Siku moja nilitapika ikaacha papo hapo."

Aliongeza mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa amemwuliza: kwamba wakati wa mbio hizo huhisi mapigo shingoni kuliko kifuani, na kwamba zikiisha huenda msalani kukojoa mara tatu au nne mfululizo. Wasiwasi hauishi kwa kutapika. Na mkojo mwingi una sababu yake: vyumba vya juu vya moyo vinapobanwa na damu wakati wa mbio kama hizo, hutoa homoni inayoyaamuru mafigo kumwaga maji.

Vipimo vyake vya awali vilikuwa vizuri kwa sababu vilifanywa moyo ukiwa umetulia. Kipimo cha umeme wa moyo ni kama picha iliyopigwa kwa sekunde 10 hivi. Ukimpiga mwizi picha akiwa amelala kwake, haitaonyesha wizi. Pia ile mashine ndogo inayovaliwa mwilini kwa saa 24 isingemsaidia sana mtu ambaye tatizo lake huja mara moja kwa miezi miwili. Nilimwambia asubiri mbio zitakapoanza tena, aache kila kitu, apande gari na mtu mwingine, aje moja kwa moja hospitalini hata kama foleni ni ndefu, na amwambie mtu wa kwanza mwenye vazi jeupe kwamba anataka kipimo hicho sasa hivi, si baadaye.

Alikuja baada ya wiki tano. Mshipa wa mkono ulikuwa ukigonga haraka hata muuguzi akashindwa kuhesabu. Alikuwa na jasho na hofu, lakini presha yake ilikuwa sawa na alizungumza vizuri. Akalazwa kitandani, vibandiko vikawekwa kifuani na kwenye mikono na miguu, na karatasi ikatoka.

Karatasi hiyo ina miraba, na inapita katika mashine kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Ukitaka kujua kasi ya moyo unaopiga sawasawa, unahesabu miraba mikubwa iliyo kati ya pigo moja na linalofuata, kisha unagawanya 300 kwa idadi hiyo. Kwake palikuwa na mraba mmoja na nusu. Mia tatu ukigawanya kwa moja na nusu unapata 200.

Sasa tazama hesabu nyingine. Kwa makadirio, kituo cha juu cha moyo hakiwezi kwenda kasi zaidi ya 220 ukitoa umri wa mtu. Kwa mama huyu ni 186, na hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia mlima kwa nguvu zake zote. Yeye alikuwa amelala. Wasiwasi, hata uwe mkubwa namna gani, haufikishi moyo wa mtu wa umri huo mapigo 200 akiwa kitandani. Tena kile kilima kidogo kinachotangulia kila pigo kwenye karatasi, ambacho ndicho alama ya vyumba vya juu kufanya kazi yao kwanza, hakikuonekana. Vilele virefu vilikuwa vyembamba na vimepangika kama meno ya kitana.

Hiyo ni hitilafu ya umeme unaozunguka. Watu wengine huzaliwa na njia ya ziada ya umeme ndani au karibu na kile kituo cha katikati. Kwa kawaida njia hiyo haina shida. Lakini siku moja pigo moja linakuja kabla ya wakati wake, umeme unashuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, na unaanza kuzunguka kama matatu iliyokosa njia ya kutoka kwenye raundabauti. Kila mzunguko ni pigo. Ndiyo maana mbio huanza ghafla, na huisha ghafla mzunguko unapokatika.

Kilichobaki ni kuukata. Tulimkalisha kitandani akiwa ameegemea nyuma, tukampa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, na kumwambia apulize kwa nguvu inayotosha kusogeza ile pistoni, kwa sekunde 15. Mara tu alipomaliza, tukamlaza chali na kuinua miguu yake nusu ya kusimama kwa sekunde 15 nyingine. Kupuliza kwa nguvu namna hiyo huamsha neva inayozuia kituo cha katikati, na kuinua miguu hurudisha damu nyingi moyoni na kuongeza nguvu ya tendo hilo. Katika uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2015, njia hii ya kuinua miguu ilifaulu kwa wagonjwa 43 katika kila 100, ilhali kupuliza peke yake kulifaulu kwa 17 tu.

Kwake ilifaulu mara ya pili. Alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Imeacha." Isingefaulu tungetumia sindano ya adenosini, miligramu 6, inayosukumwa kwa kasi katika mshipa mkubwa. Hukata mzunguko kwa sekunde chache, ingawa mgonjwa ni lazima aonywe mapema kwamba kwa muda huo mfupi atahisi vibaya sana, kana kwamba roho inamtoka.

Baada ya hapo tulimpima tena moyo ukiwa umetulia, nao ulikuwa sawa. Kipimo hicho cha pili kina maana yake, kwani kwa wagonjwa wengine njia ya ziada huacha alama hata katika utulivu. Hali hiyo huitwa kwa majina ya madaktari watatu walioieleza mwaka wa 1930, Wolff, Parkinson na White. Mwenye alama hiyo ni lazima amwone mtaalamu wa moyo, kwa sababu baadhi ya dawa zinazowasaidia wagonjwa wengine zaweza kumdhuru. Kwa sababu hiyo sipendi kuona watu wakiazimana tembe za kupunguza mbio za moyo kama wanaoazimana chumvi. Propranololi aliyoandikiwa jirani yako yaweza kukufunga kifua ikiwa una pumu.

Mama yule sasa anajua ugonjwa wake. Alichagua kukaa bila dawa za kila siku, kwa kuwa mbio zake huja kwa nadra, na amefundishwa kupuliza na kuinuliwa miguu nyumbani. Zikikaa zaidi ya nusu saa anakuja. Zingemjia kila wiki tungezungumza juu ya tembe za kila siku, au kumpeleka kwa mtaalamu aunguze njia ile ya ziada kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Mbinu hii ya kupuliza ni ya mtu ambaye tayari amepimwa na kuambiwa tatizo lake ni hili. Si ya kila mtu anayehisi moyo kwenda mbio.

Mapigo yasiyo na mpangilio

Kuna wagonjwa wengine ambao shida yao si kasi peke yake bali vurugu. Ukiushika mkono, pigo moja ni kubwa, jingine dogo, mawili yanafuatana upesi, kisha kimya, na huwezi kutabiri litakalofuata. Hapa vyumba vya juu havipigi tena, vinatetemeka tu. Damu hutuama humo, hugandamana, na donge likichomoka laweza kwenda ubongoni na kuleta kiharusi.

Ng'ambo hili huonekana zaidi kama tatizo la wazee. Hapa kwetu hulikuta pia kwa watu wa miaka 25 au 30, na sababu moja kubwa ni valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi waliyopata utotoni, baada ya maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa. Wengi hata hawakumbuki kuugua. Kinachowaleta ni kukosa pumzi wakipanda kilima, au mimba ambayo imeulemea moyo. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo, kisha picha ya moyo ya mawimbi ya sauti ili valvu ionekane, na akikutwa na mkazo wa valvu hupewa warfarini ili damu isigande. Dawa hiyo hudhibitiwa kwa kupima damu mara kwa mara.

Msomaji asichanganye vurugu hiyo na pigo moja moja linaloruka, lile ambalo mtu hulihisi kama moyo umejikwaa halafu ukaendelea. Hilo huwapata watu wengi wazima, hasa wakiwa wamechoka au hawakulala, na likija mara chache kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo huwa halina madhara.

Wakati mwingine mapigo huwa ya haraka, yamepangika, na karatasi inaonyesha kwamba kituo cha juu kinafanya kazi sawasawa. Hapo moyo hauna kosa, lakini bado ni lazima aulizwe nani anayeupa amri. Upungufu wa damu, homa, mimba, kupoteza maji mwilini na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vyote hufanya hivyo. Njia moja nyepesi ya kutenganisha ni kumwomba mke au mume akuhesabie mapigo ukiwa usingizini. Wasiwasi hulala mwenyewe akilala. Tezi hailali, na mtu ambaye mapigo yake ni 110 saa tisa usiku, huku akipungua uzito na mikono ikimtetemeka, anahitaji kupimwa damu na si kuambiwa apunguze mawazo.

Zipo dalili ambazo hazingoji miadi. Mbio za moyo zikija pamoja na kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuchanganyikiwa, mgonjwa apelekwe hospitali yenye mashine hii mara moja, na asiendeshe gari mwenyewe. Vivyo hivyo kwa mtu anayezirai katikati ya mazoezi, au ambaye ndugu yake alianguka na kufa ghafla akiwa kijana. Nayo mapigo yanayobaki juu ya 120 baada ya robo saa ya kuketi kimya yasipuuzwe hata kama mtu hahisi ugonjwa mwingine.

Kwa wale ambao mbio zao huja na kuondoka, andikeni kwenye daftari tarehe, saa, mlichokuwa mkifanya, hesabu ya mapigo, na kama zilianza na kuisha ghafla au polepole. Mkifanikiwa kupimwa wakati moyo unakwenda mbio, ombeni nakala ya karatasi ile na mwende nayo kwa kila daktari. Mashine nyingi huchapa kwenye karatasi inayofifia ikikaa kwenye joto au jua, kwa hivyo ipigeni picha kwa simu siku hiyohiyo.